Kabla Umwambie Mtoi Ni Msupuu

Wasee, leo tuongee kuhusu salamu. Si "niaje" yetu ya stejini. Naongea kuhusu zile salamu watoto hupewa wakiingia kwa nyumba ya watu. Hapa Umoja mtoto akifika mahali, kabla hata avue viatu, lazima asomewe mwili wake. "Haiya, umenona!" "Mbona umekonda hivi, kwani kwenu hamli?" "Huyu amechukua rangi ya babake." "Na huyu ni rangi ya thao kabisa, woi, Mama Nani, jiandae kufukuza vijana kwa mlango." Mtoto ana miaka saba. Amesimama kwa zulia, ameshika sketi ya mamake, anangoja ukaguzi uishe ndio apewe chai.

Najua hakuna anayesema hivyo kwa ubaya. Anti anapenda huyo mtoto. Shosho anapenda huyo mtoto. Shida ni kwamba mtoto hasikii nia yako, anasikia maneno yako. Na akisikia kitu kimoja kikisemwa kila mahali, na kila mtu, mwaka baada ya mwaka, anaamini hicho ndicho watu huangalia wakimwangalia.

Msimamo wangu ni huu: kumsifu mtoto sura kila saa si zawadi, hata kama sura yenyewe ni kali. Unampa kitu ambacho hakukifanya, hawezi kukiongeza, na anaweza kunyang'anywa na mtu yeyote atakayepita. Ukimsifu kwa kitu alichofanya, umempa kitu anaweza kurudia kesho. Najua wengine mmeshaanza kukunja uso, mnasema hizi ni mambo za wazungu. Ngoja kwanza tuingie ploti.

Chukua dada wawili, wale unaweza kuwapata kwa ploti yoyote kuanzia Innercore mpaka Umoja Two. Mkubwa ana miaka tisa, ni mweusi, ameenda na upande wa baba. Mdogo ana sita, ni mweupe, mashavu yamejaa. Ni Jumapili. Asubuhi mkubwa ameamka mapema, amepiga viatu vyao wote wawili rangi, na kwa sababu rangi ilikuwa imeisha amekwangua kopo na kijiti mpaka ikatosha. Wanatoka. Kwa ngazi wanapatana na jirani. Jirani anamwinamia mdogo: "Kasupuu kangu! Umependeza aki." Halafu anamgeukia mkubwa: "Na wewe, umekuwa mrefu." Kanisani, mwalimu wa watoto anamchagua mdogo asimame mbele wakati wa kuimba. Baada ya ibada, kina mama watatu wanamshika mdogo mashavu. Mmoja anamuuliza mkubwa, kwa mzaha tu, "Na wewe rangi yako uliwachia wapi?" Watu wanacheka. Mkubwa pia anacheka. Jioni mjomba anakuja na soda, anamwita mdogo "bibi yangu" na mkubwa anamwita "Blaki." Hilo jina limekuwepo tangu akiwa mtoto mchanga, hakuna mtu hulifikiria tena.

Sasa hesabu na mimi. Hakuna mtu mbaya kwa hiyo hadithi. Lakini siku nzima, hakuna hata mmoja aliyeona viatu.

Watu wakisikia hii stori huwa wanamhurumia mkubwa peke yake. Ni kweli, yeye ameumia. Amejifunza kwamba kuna mizani kwa hii dunia na yeye yuko chini. Na kwa sababu alicheka na wengine, watu wazima wamehesabu kwamba hajali. Mtoto wa miaka tisa hucheka kwa sababu kulia mbele ya kina mama watatu ni aibu zaidi.

Lakini angalia mdogo pia, kwa sababu huyo ndiye hatuongelei. Yeye amejifunza kwamba akitokea tu, watu hufurahi. Hakuimba vizuri kuliko wengine, alisimamishwa mbele. Hakufanya chochote. Kwa hivyo siku meno yatang'oka, siku chunusi zitaanza, siku kutakuja mtoto mweupe kumliko kwa ploti, yeye hana kitu cha kushika. Kile kilichokuwa kinamletea upendo hakikuwa mikononi mwake tangu mwanzo. Na tena amefundishwa kwamba thamani yake inapimwa kwa kulinganishwa na dada yake. Hao wawili wanalala kitanda kimoja. Mmewawekea mashindano na hakuna aliyejiandikisha.

Si hadithi ya kubuni tu hii. Mwangalie Lupita Nyong'o. Wengi wetu tunamjua kutoka 2014, wakati alichukua Oskar na Kenya nzima ikawa na jamaa Hollywood. Alizaliwa Mexico 1983 lakini amelelewa hapa Nairobi. Huyu ni mtoto wa familia ya watu wanaojulikana, baba mwanasiasa na profesa, nyumba yenye vitabu. Si mtoto ambaye ungesema amekosa. Na bado, ameeleza hadharani kwamba dadake mdogo alikuwa mweupe kumliko, na watu walikuwa wakimwambia huyo dada ni mrembo. Hakuna aliyehitaji kumwambia Lupita kwamba yeye si mrembo. Alisikia kile ambacho hakuambiwa.

Mapema mwaka huo huo wa 2014, kwa hafla ya jarida la Essence huko Marekani, alisimulia vile alikuwa akiomba Mungu kila usiku aamke akiwa mweupe. Asubuhi alikuwa anakimbilia kioo, na alikuwa anajizuia kuangalia mikono yake njiani ili uso wake ndio uwe kitu cha kwanza kuona. Anapata ni yule yule wa jana. Akaanza kufanya biashara na Mungu: ataacha kuiba vipande vya sukari usiku, atamsikiza mamake kila neno, hatapoteza tena sweta ya shule, bora tu abadilishwe kidogo.

Mimi hicho kitu cha sweta ndicho kilinikamata. Fikiria kinachoendelea hapo. Mtoto ana bidii. Yuko tayari kubadilisha tabia, kujinyima, kufuata ratiba, kuamka mapema. Zile nguvu zote ambazo mzazi hutamani mtoto apeleke kwa masomo au kwa kipaji, huyu anazipeleka kwa kitu ambacho hakiwezi kubadilika hata afanye nini. Kila asubuhi anafeli mtihani ambao hauna jibu. Hapo ndipo maoni ya sura humfikisha mtoto. Si tu kwamba anahuzunika. Bidii yake inamwagika mahali hakuna mbegu.

Kuna utafiti unaoonyesha hii kitu vizuri, na ingawa haukuwa kuhusu sura, nataka uuelewe kwa sababu watu huutaja nusu nusu. Mwaka 1998, wanasaikolojia wawili Wamarekani, Claudia Mueller na Carol Dweck, walichapisha majaribio sita waliyofanya na watoto wa darasa la tano. Watoto walipewa mafumbo ya maumbo, yale ya kutafuta picha gani inakosekana. Kila mtoto, hata angefanya vipi, aliambiwa amefanya vizuri. Halafu ikaongezwa sentensi moja tu. Kundi moja likaambiwa lazima nyinyi ni werevu. Kundi lingine likaambiwa lazima mmetia bidii. Kundi la tatu halikuongezewa kitu.

Kisha wakaulizwa wangependa kazi gani baadaye: ile ambayo wataonekana wajuaji, au ile ya kujifunza kitu kipya hata kama watakosea. Wale walioitwa werevu, karibu thuluthi mbili walichagua ile ya kuonekana wajuaji. Wale wa bidii, zaidi ya asilimia 90 walichagua ya kujifunza. Baadaye wote wakapewa mafumbo magumu sana, wakaambiwa hawajafanya vizuri, halafu wakarudishiwa mepesi kama yale ya kwanza. Wale wa bidii wakafanya vizuri kuliko mwanzo. Wale werevu wakafanya vibaya kuliko mwanzo, na mafumbo yalikuwa ya kiwango kile kile. Na kuna hii: walipoombwa wamwandikie mtoto mwingine asiyewajua alama walizopata, karibu asilimia 38 ya wale werevu walidanganya, wakajiongezea. Wale wa bidii walikuwa karibu asilimia 13.

Sentensi moja, wasee. Na ilikuwa sifa, si tusi.

Kinachotokea ni rahisi kuelewa. Ukiniambia mimi ni mwerevu, umenipa cheo. Kuanzia hapo kazi yangu ni kulinda hicho cheo, na njia rahisi ya kukilinda ni kukaa mbali na kitu chochote kinachoweza kuonyesha sikistahili. Ukiniambia nimetia bidii, umenipa njia. Nikikwama najua pa kurudi. Sasa kama werevu, ambao angalau mtu anaweza kuuongeza akisoma, unamfanya mtoto awe mwoga hivyo, je, sura? Sura ni cheo ambacho huwezi hata kukisomea. Kilichobaki ni kukilinda. Hiyo hatua ya kutoka werevu hadi sura ni yangu, lakini nadhani unaiona.

Kwa upande wa sura yenyewe kuna jaribio lingine la mwaka huo huo wa 1998, la Barbara Fredrickson na wenzake. Wanafunzi wa chuo waliingia mmoja mmoja kwa chumba chenye kioo, wakidhani wanakagua nguo. Wengine walivaa sweta, wengine nguo ya kuogelea. Wakiwa bado wamevaa, walipewa mtihani wa hesabu. Wanawake waliovaa nguo ya kuogelea walipata alama chini kuliko wale wa sweta. Wanaume haikuwabadilisha. Kumbuka hakuna mtu alikuwa kwa chumba. Hakuna aliyewatazama. Walikuwa wanajitazama wenyewe, na kichwa kinachojitazama kina nafasi kidogo ya kuhesabu.

Hii ndiyo tabia tunayomfundisha mtoto kwa zile salamu zetu. Tunaingiza kamera kichwani mwake. Ukikaa na watoto unaweza kuijua ikiwa imeshaanza. Mtoto anaulizwa swali darasani na kabla ajibu anavuta sketi. Anakataa kucheza kati kwa sababu nywele zitaharibika na amesukwa jana. Anapigwa picha, na kabla aulize "tulikuwa wapi hapa?" anaitisha simu aone vile ametokea, anasema futa. Anauliza "mimi ni mnono?" wakati mnaongea kuhusu kitu tofauti kabisa. Anafunika mdomo akicheka. Mimi natengeneza video, najua mtu mzima anayejitazama akiwa mbele ya kamera anavyokuwa mgumu, maneno hayatoki. Lakini mimi nikizima kamera imezimwa. Mtoto wa miaka minane hana kitufe cha kuzima.

Najua swali linalokuja. "Kwa hivyo tusiwaambie watoto wetu ni wazuri? Na huyu wa kwetu mweusi, akienda nje aambiwe ni makaa, na nyumbani tunyamaze?" Hilo swali ni la maana na sitalikwepa, kwa sababu hapo ndipo ushauri mwingi wa malezi hukufa ukifika Eastlands.

Tumrudie Lupita. Mamake alikuwa na jibu, na kwa maneno yangu lilikuwa hivi: urembo hauliwi, hautakushibisha. Ni jibu zuri. Ni jibu la mzazi mwenye busara. Na Lupita mwenyewe amesema wakati huo halikumsaidia, hakulielewa. Kilichoanza kumbadilisha ni kumwona Alek Wek, mwanamitindo kutoka Sudan Kusini, mweusi kama usiku, akiwa kwa kila jukwaa na kila jarida, na watu wakisema ni mrembo. Baadaye ndipo maneno ya mama yakaingia. Mwaka 2019 akaandika kitabu cha watoto, Sulwe, jina ambalo kwa Dholuo ni nyota, kuhusu msichana mweusi kuliko wote nyumbani kwao.

Kwa hivyo mimi sisemi tunyamaze. Kunyamaza kunafanya kazi mahali mizani haipo. Hapa kwetu mizani ipo. Iko kwa mabango ya barabarani, iko kwa mikopo ya krimu inayouzwa kando ya barabara, iko kwa hiyo "rangi ya thao" tunayoimba kila siku. Ukinyamaza, mtoto mweusi hatasikia kimya, atasikia wale wengine. Huyo mtoto anahitaji kuambiwa wazi kwamba rangi yake ni nzuri, na anahitaji kuona watu wa rangi yake wakipendwa.

Lakini angalia vile unasema. "Wewe ni mrembo hata kama ni mweusi" ni tusi lililovishwa suti. "Wewe ndiye mrembo kuwashinda wote" ni mizani ile ile, umemhamisha tu upande. Na kumwambia mara ishirini kwa siku ili kufidia kutamfundisha kwamba hii kitu ni kubwa kweli, kama si kubwa mbona mama anaishughulikia hivyo? Mwambie kama unavyomwambia ana macho ya shosho wake. Ni ukweli, ni wa kwetu, hakuna anayeshindana, sasa tuendelee. "Hii rangi ni ya guka wako, tunaipenda." Basi. Na ile siku mtu atasema makaa mbele yako, usiseme "ni utani." Sema, mtoto akisikia, "Hapa hatuongei hivyo kuhusu mtu." Dakika hiyo moja itamfaa kuliko sifa mia, kwa sababu ameona mtu mzima akisimama upande wake.

Nikija kwa sifa ya bidii, pia hapo watu hukosea, kwa hivyo twende polepole. Kuna wazazi walisikia "sifu bidii" na sasa wanasema "umejaribu" kwa kila kitu. Mtoto ameleta hesabu, kumi zote amekosa, "umejaribu, mami." Mtoto si mjinga. Anajua "umejaribu" ndilo neno tunampa mtu aliyeshindwa. Dweck mwenyewe amelalamika hadharani kwamba watu waliigeuza kazi yake kuwa zawadi ya kufariji. Bidii peke yake haitoshi kama njia ni mbovu. Mtoto anayesoma saa tatu kwa njia isiyofaa hahitaji kusifiwa hizo saa tatu, anahitaji msaada wa kubadilisha njia.

Sifa nzuri ina vitu viwili: uliona nini hasa, na kilisaidia nini. Turudi kwa wale dada wawili na zile viatu. Badala ya "umekuwa mrefu," jirani angesema: "Nani amepiga hizi viatu rangi? Wewe? Naona mpaka kwa mshono umefika. Na mdogo wako pia umemfanyia." Angalia vile mtoto atajibu. Hataangalia chini. Atakwambia rangi ilikuwa imeisha, na vile alikwangua kopo na kijiti. Atakupa stori nzima, kwa sababu umemuuliza kitu anachokijua. Na kesho kopo lingine likiisha, kichwani mwake yeye ni mtu anayepata njia.

Mdogo naye? Usimnyime kwa sababu ni mweupe, hakujichagulia. Muulize umeimba wimbo gani. Muulize ni wapi palikuwa pagumu. Akikwambia alisahau maneno katikati, hapo ndipo kuna dhahabu: "Ulisahau na ukaendelea? Ulifanyaje?" Sasa naye ana kitu mikononi. Na hao dada wawili wakirudi nyumbani kila mmoja ana stori yake, hakuna stori moja inayohitaji ile nyingine iwe ndogo.

Tena hii kitu inaanza mapema kuliko tunavyofikiri. Watafiti wa Chicago, Elizabeth Gunderson na wenzake, walirekodi wazazi nyumbani wakiwa na watoto wa mwaka mmoja hadi mitatu, siku za kawaida tu. Kisha wakawafuata hao watoto wakiwa na miaka saba, nane. Matokeo yalitoka 2013. Wale waliokuwa wakisifiwa zaidi kwa walichofanya ndio baadaye walipenda kazi ngumu na kuamini mtu anaweza kuimarika. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba sifa pekee ndiyo ilifanya hivyo, nyumba huwa na mengi. Lakini kuna kitu kingine walichokipata. Katika sifa zote walizopewa wavulana, karibu robo zilikuwa za walichofanya. Kwa wasichana, ilikuwa karibu moja kwa kumi. Na wazazi hao hawakuwa wamepanga kubagua mtu. Ndivyo mdomo ulivyozoea.

Sasa fikiria midomo yetu. Kijana akipanda ukuta wa ploti kutoa mpira, "huyu ni mnoma." Msichana akipanda ukuta huo huo, "shuka, utachafua rinda." Lakini pia wavulana msidhani mmepona. "Huyu ni mfupi, atapata bibi kweli?" "Kanono kangu." "Wewe na hayo masikio." Kijana akikua tunashangaa kwa nini anaishi jimu na bado hapendi kuvua shati. Yule mzee wa miaka sita ndani yake bado anangoja ukaguzi uishe.

Sasa mbona naandika hii kwetu, vijana, na wengi hatuna watoto? Kwa sababu sisi ndio mashangazi na wajomba na mabrathe wakubwa. Sisi ndio tunawapa hayo majina ya utani. Sisi ndio tunamrekodi binamu wa miaka mitano akitembea kama mwanamitindo, tunamwekea filta inayomfanya mweupe na kumpunguza pua, halafu tunamwonyesha. Fikiria hiyo sekunde. Mtoto anaona uso wake umerekebishwa, na watu anaowapenda wanasema "sasa umetoka poa." Wazazi wetu walitumia mdomo tu. Sisi tumepata mashine.

Na mtu asikwambie kwamba sisi tuliambiwa hivyo na tukakua sawa. Ingia kwa kikundi chochote cha marafiki wako wa karibu, uliza kila mtu ni neno gani kuhusu mwili wake aliambiwa akiwa mtoto, na ni nani alisema. Hakuna atakayechukua dakika kufikiria. Watakupa neno lenyewe, mwaka, na nguo waliyokuwa wamevaa. Kisha waulize ni lini mtu mzima aliwasifu kwa kitu walichofanya. Hapo ndipo mtaanza kuangaliana.

Kwa hivyo wiki hii fanya kitu kimoja. Mtoto atakayeingia kwenu, wa jirani, wa dada yako, yule anatumwa maziwa kwa duka, jizuie kumsoma mwili. Utaona ni ngumu, maneno yatafika mpaka kwa ulimi. Yameze. Angalia mikono yake, ameshika nini? Kama ni bano, muulize ameshinda ngapi na anapiga vipi. Kama ni kitabu, amefika wapi. Kama ni maziwa na hakuna hata tone limemwagika ngazi zote nne, mwambie umeona.

Halafu kuja uniambie alikujibu nini.